Jina la Marehemu katika Salamu za Siku ya Kuzaliwa



Katika jumuiya zetu ndogondogo, kuanzia Nyakato na Igoma hadi visiwa vya Ukerewe na Ukara, siku hizi salamu za siku ya kuzaliwa zimekuwa kazi ya katibu kama zilivyo taarifa za msiba. Katibu anayo orodha ya tarehe, na kila asubuhi anatuma ujumbe kwa simu. Kwa walio wengi ujumbe hauna tabu. Ugumu unaanza pale tarehe inapomwangukia mjane au mgane. Kidole kinasita. Je, tumtaje mwenzake aliyelala, au tupite kimya kama vile hakuwahi kuwepo? Mafrateri walio katika likizo ya kichungaji nao huulizwa swali hili, maana watu wanadhani kwamba anayesomea upadre analo jibu la kila jambo linalohusu marehemu.

Majibu mawili ndiyo yaliyozoeleka. La kwanza ni kunyamaza: "Usimtaje, utamkumbusha uchungu." La pili ni kumwaga yote: ujumbe wa siku ya kuzaliwa unageuka kuwa rambirambi ya pili, na mwenye siku yake anafungua simu akakuta ameambiwa ajipe moyo. Sisi tunaona yote mawili yana kasoro. Tunashikilia kwamba, kwa kawaida, jina la marehemu litajwe, ila litajwe mara moja, katika ujumbe wa mtu kwa mtu, na baada ya mwenye siku kuwa amepewa nafasi yake kwanza. Yapo pia mazingira ambapo ni lazima kuliacha, na tutayataja. Lakini kuliacha kuwe kwa sababu inayojulikana, kusiwe kwa woga wetu sisi tunaotuma.

Kilio huanza mfiwa

Wazee walisema kilio huanza mfiwa ndipo wa mbali wakaingia. Methali hii hutumika sana kwa maana ya kwamba mwenye shida ndiye wa kwanza kuishughulikia, lakini kwa suala letu tunaichukua kwa maana yake ya wazi kabisa. Mfiwa ndiye anayetoa sauti ya kwanza. Sisi tunafuata sauti yake, kwa kiwango alichoanza yeye.

Kwa hiyo swali la kwanza analopaswa kujiuliza mtumaji ni hili: yeye mwenyewe humtaja vipi? Wapo wajane ambao jina la mume liko mdomoni mwao kila siku. Ukipita nyumbani atakuambia, "Huu mwembe aliupanda Mabula mwenyewe." Huyo ameshaanza. Ukimwandikia bila kumtaja mwenzake, atahisi kwamba watu wote wamekwisha kumzika mara ya pili, na amebaki kuzungumza peke yake. Wapo wanaosema "mwenzangu" au "baba watoto" bila kutamka jina. Kwao nasi tuseme vivyo hivyo, maana wamechagua umbali wanaouweza. Na wapo ambao hawasemi chochote. Ukitaja jina, wanabadilisha mazungumzo, wanauliza habari za mvua. Hawa hawajaanza, na siku yao ya kuzaliwa siyo siku ya sisi kuwaanzishia.

Hofu ya "kumkumbusha" tuitazame vizuri. Mtu hukumbushwa alichosahau. Mwanamke aliyeishi na mumewe miaka 30, akalala upande ule ule wa kitanda tangu alipobaki peke yake, hahitaji ujumbe wa simu ili akumbuke. Katika familia nyingi za Kisukuma na za watu wengine wa kandokando ya ziwa, mjukuu hupewa jina la babu aliyefariki. Bibi analiita jina hilo asubuhi akimtuma mtoto maji, na jioni akimfokea kwa kuchelewa. Tena humtania: "Mume wangu, leo umeniletea nini?" Jina linaishi ndani ya ua ule kila siku. Ni sisi wa nje tunaolikwepa, halafu tunasema tunamhurumia yeye.

Jina lililomo tayari katika wito

Kuna jambo ambalo mtumaji mara nyingi halioni: katika mazingira yetu, mara nyingi jina la marehemu limo tayari katika neno la kwanza la salamu. Mama huitwa kwa jina la mtoto, Mama Neema. Au huitwa kwa jina la mume, Mama Mabula. Ukiandika "Heri ya kuzaliwa, Mama Mabula", umeshamtaja Mabula kabla hujaamua kama utamtaja. Kuna watu ambao, kwa nia njema, baada ya mazishi huanza kumwita mjane kwa jina lake la ubatizo ambalo hawakuwahi kulitumia hata siku moja. Ghafla Mama Mabula anakuwa "Mama Anastasia". Wanadhani wamenyamaza, kumbe wamesema neno zito: wamemwambia kwamba cheo alichokuwa nacho barazani petu kimekwenda kaburini. Kanuni yetu hapa ni nyepesi. Mwite kama ulivyomwita mumewe alipokuwa hai, mpaka yeye mwenyewe aombe aitwe vingine. Kwa mjane aliyeitwa kwa jina la mume, mara nyingi hilo pekee linatosha, hata usipoongeza neno lingine.

Kwa mgane hali ni kinyume. Mwanamume haitwi kwa jina la mke. Ni Baba Neema, au mzee fulani kwa jina lake mwenyewe. Mkewe anapofariki, hakuna wito wowote unaolibeba jina lake. Tena mwanamume hatarajiwi kulia mbele za watu, na baada ya matanga wenzake wa UWAKA watazungumza naye habari za ujenzi wa kigango na bei ya pamba, kwa heshima, kana kwamba nyumba yake haikupungukiwa na mtu. Jina la mke linaweza kupita miezi bila kutamkwa na mtu yeyote asiye wa damu. Kwa hiyo kama ni lazima tuchague pa kuweka uzito, tunasema: kwa mgane jina litajwe kwa makusudi zaidi, maana halitajitaja lenyewe. "Mama Neema" likiandikwa katika salamu za Baba Neema, huenda likawa ndiyo mara ya pekee mwezi ule ambapo mtu wa nje amekiri kwamba mwanamke yule aliishi.

Tarehe mbili katika juma moja

Sisi wa ziwani tunayo mazingira yetu wenyewe. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama ikikaribia Mwanza, ikitoka Bukoba, na mamia ya watu wakapotea. Abiria wa daraja la chini hawakuwa na orodha ya majina kama wale wa madaraja ya juu, na baadhi ya miili haikupatikana kamwe. Makaburi ya Igoma yanawahifadhi wengi wa waliopatikana. Tarehe 20 Septemba 2018, siku ya Alhamisi, ambayo ni siku ya soko huko Bugolora, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikiwa kimebakiza hatua chache kufika Ukara. Kilikuwa kimejengwa kwa ajili ya abiria 101. Waliokufa kwa hesabu ya serikali walikuwa 228, na waliookolewa 41.

Maana yake ni kwamba katika visiwa vile na katika mitaa ya jiji letu wapo wajane na wagane wengi ambao tarehe ya msiba wao ni moja, na nchi nzima inaijua. Kila mwaka tarehe hiyo inatajwa redioni hata kama wao hawataki. Sasa tuchukue mfano, tuuite mfano tu. Tuseme yupo mama huko Ukara, anaitwa Mama Mabula kwa jina la mumewe, naye mume alikuwa amekwenda soko la Bugolora siku ile na hakurudi akiwa hai. Tuseme mama huyu alizaliwa tarehe 24 Septemba. Siku nne tu zinatenganisha kumbukumbu ya kifo cha mume na siku yake ya kuzaliwa. Katibu wa jumuiya afanye nini?

Kosa la kwanza linalonyemelea ni kuunganisha: kutuma ujumbe mmoja tarehe 24 unaobeba pole na pongezi pamoja. Ujumbe wa namna hiyo unaila siku yake. Mama alizaliwa kabla ya kuolewa na kabla ya kivuko kile kujengwa, na siku ile ni ya kumshukuru Mungu kwa ajili ya uhai wake yeye, wala si mkia wa msiba. Tunashauri siku hizi mbili zitenganishwe kabisa. Tarehe 20 atumiwe neno fupi la sala, lenye jina la mume waziwazi, bila kutaja siku ya kuzaliwa inayokuja. Hapo ndipo mahali pa pole. Kisha tarehe 24 atumiwe salamu zake. Kwa kuwa jina limekwisha kupata siku yake, halihitaji tena kubeba uzito mkubwa katika salamu za pili. Sentensi moja yatosha.

Kosa la pili ni la maneno, na watu wa kanisa ndio tunaolifanya zaidi, kwa kuwa lugha yetu ya mazishi imejaa safari. Tunasema marehemu "ametutangulia safarini", "amevuka ng'ambo", "amefika bandari salama". Kwa mtu aliyefiwa kwa ajali ya barabarani au kwa malaria, maneno haya ni ya faraja. Kwa mjane wa Ukara siyo. Kwake kuvuka ni neno la kila siku, ni nauli na gati, na mume wake hakuvuka. Anayeandika salamu kwa mjane au mgane wa ajali ya majini aisome kazi yake mara ya pili akitafuta maneno ya maji, safari, mawimbi na bandari, na ayaondoe yote. Kutaja jina hakumuumizi kama picha hizo zinavyomuumiza.

Ujumbe wenyewe

Tuutazame sasa ujumbe wa kawaida, wa aina inayotumwa kila siku:

"Heri ya siku ya kuzaliwa Mama Mabula. Tunajua ni siku ngumu kwako. Mzee Mabula angekuwepo angefurahi sana. Anakuona toka mbinguni. Jipe moyo."

Nia ni njema, na jina limetajwa. Lakini kuna mambo matatu yanayouharibu. La kwanza, unamwambia mama jinsi siku yake ilivyo. Huenda wajukuu wamempikia, huenda ameamka akiwa na furaha. Sasa anaambiwa kwamba ni siku ngumu, na furaha yake inamtia aibu.

La pili ni kile kiambishi kidogo cha -nge-. "Angekuwepo angefurahi" ni sentensi ya jambo lisilokuwepo. Inachora kiti kitupu, halafu inamtaka msomaji akitazame. Linganisha na kitenzi cha wakati uliopita: "Alipanda," "alitufundisha," "alicheka." Hapa hakuna kiti kitupu, kuna mtu aliyefanya jambo, na jambo lile halifutiki kwa kifo chake. Mtoto anayemwandikia baba yake mgane, "Mama angekuwepo leo angekupikia sato," amempa njaa isiyo na chakula. Akiandika, "Leo nimepika sato kama mama alivyonifundisha," amempa mkewe aliyefanya kazi ambayo bado inaendelea. Tofauti iko katika silabi moja, na msomaji huihisi hata kama hawezi kuieleza.

La tatu, ujumbe unasema kwa niaba ya marehemu: anakuona, anatabasamu, anajivunia. Hapa tunazungumza kama Wakatoliki. Sisi tunawaombea marehemu, kwa sababu tunawakabidhi kwa huruma ya Mungu wala hatutangazi hukumu yake kabla ya wakati. Mkristo anayempenda marehemu anayo namna ya kufanya jambo kwa ajili yake. Hahitaji kumtungia maneno. Kwa hiyo badala ya kusema marehemu anafanya nini, tuseme sisi tumefanya nini: tumeomba, tumetia nia ya Misa, tumepalilia kaburi. Haya ni ya kweli, na mama anaweza kuyashika.

Ujumbe tunaoupendekeza ni huu:

"Heri ya kuzaliwa, Mama Mabula. Tunamshukuru Mungu kwa ajili yako na kwa mbegu ulizotugawia. Leo Misa ya saa 12 tumekuombea wewe na Mzee Mabula."

Tuangalie ulivyopangwa. Sentensi mbili za kwanza ni za mama peke yake, na ya pili inataja tendo lake yeye, kugawa mbegu, jambo alilofanya baada ya kuwa mjane. Hilo linamwambia kwamba tunaona maisha yake yanaendelea. Jina la mume linakuja mwishoni, mara moja, kando ya jina lake, mbele ya altare. Neno "mjane" halimo, wala "pole", wala "jipe moyo". Neno "marehemu" nalo halimo. Si kwamba ni neno baya. Limetoka katika shina moja na neno rehema, na kumwita mtu marehemu ni kumtakia rehema. Katika tangazo la kanisani mahali pake ni papo hapo. Lakini mke hahitaji kuarifiwa kwamba mumewe amefariki, na salamu za siku ya kuzaliwa si tangazo.

Tena ni ujumbe mfupi. Wazee wengi wa visiwani wanatumia simu ndogo za vitufe, ambazo ujumbe wake mmoja ni herufi 160, na nafasi kati ya maneno zinahesabiwa humo. Ukizidi, ujumbe unakatwa vipande, na wakati mwingine kipande cha pili kinachelewa kufika. Mama akasoma nusu inayoishia kwenye jina la mumewe, bila kujua ni kwa habari gani ametajwa. Huu wetu unaingia katika ujumbe mmoja. Tukumbuke pia kwamba mara nyingi anayeusoma kwa sauti ni mjukuu. Tuandike maneno ambayo mtoto wa darasa la nne anaweza kumsomea bibi yake bila wote wawili kushikwa na haya. Na sharti moja zaidi: usiandike "tumekuombea" kama hukuenda Misa. Kama hukuomba, taja jambo lingine lililo kweli.

Mahali pa kuliacha jina

Tulisema yapo mazingira ya kuliacha. La kwanza ni kundi la simu la jumuiya au la ukoo. Mbele ya watu 60, kila mmoja ataongeza pole yake, na ndani ya saa moja pongezi zimekwisha kuwa matanga. Kundini andika pongezi tupu. Jina lipeleke kwenye simu yake mwenyewe. Sababu hii inakuwa na nguvu zaidi kama mirathi haijaisha. Shauri likiwa bado mahakamani, au ndugu wa mume wakiwa hawajakubaliana juu ya shamba na nyumba, jina la marehemu likiandikwa kundini linasomwa kama kuchukua upande, hata kama mwandishi hakuwa na wazo hilo.

La pili ni ndoa mpya. Kanisa linafundisha kwamba kifo hufungua kifungo cha ndoa, na aliyebaki yuko huru kuoa au kuolewa tena katika Bwana. Aliyeoa tena ana mke nyumbani, na yamkini mke huyo ndiye anayeishika simu. Hapo salamu ziende kwa mtu pamoja na mwenzake wa sasa. Jina la kwanza litunzwe kwa Misa ya marehemu na kwa mazungumzo ya ana kwa ana, kama mwenyewe ataanza.

La tatu ni gumu zaidi: ndoa iliyokuwa na mateso. Jirani wote wanajua kwamba mama alipigwa, au baba alitelekezwa. Katika hali hii kutaja jina kwa sifa ni kusema uongo kwa mtu anayejua ukweli kuliko sisi. Kama mwenyewe hamtaji, nasi tusimtaje siku ile. Hapa lakini tujifunze kwa Mtakatifu Augustino, ambaye Chuo Kikuu kilichopo Malimbe hapa Mwanza kimewekwa chini ya jina lake. Katika Maungamo anaeleza wazi kwamba baba yake Patrisi alikuwa mtu wa hasira za haraka na asiyekuwa mwaminifu katika ndoa, na kwamba alibatizwa katika siku za mwisho wa maisha yake. Mama yake, Mtakatifu Monika, aliishi mjane miaka mingi, na akafariki huko Ostia mwaka 387. Zamani alikuwa amejiandalia kaburi kando ya mumewe, lakini alipokaribia kufa aliliachilia jambo hilo, akaomba tu akumbukwe altareni. Augustino alipoandika habari hizo miaka iliyofuata, aliwaomba wasomaji wamkumbuke mbele ya altare Monika, pamoja na Patrisi aliyekuwa mumewe. Hakumsifu baba yake kwa ndoa njema. Alimtaja, akamwombea. Jina linaweza kufika altareni bila kupitia kwanza kwenye sifa, na pale ambapo salamu haziwezi kulibeba, nia ya Misa inaweza.

Kwa nini tusinyamaze

Kuna anayeweza kuuliza kwa nini tusichague njia iliyo rahisi, tunyamaze kwa wote, tusimkosee yeyote. Tunamjibu kwa Injili. Masadukayo walipomjia Yesu na swali lao la mwanamke aliyefiwa na waume saba, walikuwa wanamtania mjane ili kuukana ufufuo. Katika jibu lake, kama Luka anavyosimulia katika sura ya 20, Bwana hakuishia kusema kwamba huko hawaoi wala hawaolewi. Aliwaonyesha kwamba Mungu alijitambulisha kwa Musa kwa majina ya watu waliokwisha kufa zamani: Abrahamu, Isaka na Yakobo. Hoja yake yote inasimama juu ya majina. Mungu huyataja kwa sababu kwake wote wanaishi. Kanisa linafanya vivyo hivyo katika Misa ya marehemu, pale padre anapolitaja jina katika Sala ya Ekaristi, na kila Novemba tunapoorodhesha wafu wetu. Jumuiya inayoyataja majina altareni na kuyaogopa ua wa nyuma inasema imani mbili.

Mwisho, mtumaji atajuaje kama amepatia? Asiangalie ukubwa wa shukrani. Mjane aliyeguswa vibaya hujibu upesi na kwa ufupi: "Asante, Mungu awabariki," kisha kimya, na ukionana naye Jumapili anapita upande mwingine wa uwanja wa kanisa. Ikitokea hivyo, mwaka ujao liache jina, wala usimfuate na maelezo marefu. Aliyeguswa vizuri huongeza neno lake mwenyewe. Anaweza kukaa kimya mchana kutwa, halafu jioni akaandika, "Mzee Mabula alikuwa hapendi kabisa siku za kuzaliwa, akisema ni mambo ya watoto." Hapo mfiwa ameanza mwenyewe. Mjibu kwa swali moja juu ya mzee, kisha mwache asimulie.